Amri ya Dakika Arobaini

Kwa miaka kumi na miwili Bi Seva alilinda hifadhidata ya hospitali, na ulimi wake ulichoma kuliko sindano za wodini. Asubuhi hiyo mapokezi yalikwama. Kila karani aliyejaribu kuhifadhi taarifa za mgonjwa aliishia kukodolea macho kioo cha kompyuta.

"Mpumbavu gani huyu?" alifoka, akafungua orodha ya amri ambazo kompyuta ilikuwa ikizitekeleza. Kumi na tisa zilikuwa zinasubiri. Akazifuata: hii inaisubiri ile, ile inaisubiri nyingine, hadi akaifikia moja isiyosubiri yoyote. Ilikuwa imelifunga jedwali la wagonjwa kwa dakika arobaini, amri nyingine isiweze kuandika humo.

"Dada, si uiache imalize?" alisema mfamasia aliyesimama mlangoni. "Ukiikata, kazi yake yote itapotea."

Ni kweli. Amri ikikatwa kabla ya kumaliza, kila ilichobadilisha hurudishwa kilivyokuwa, na kurudisha huko nako huchukua muda. Bi Seva akatazama mwenye amri ni nani.

Jina lilikuwa lake.

Akaisoma: weka sifuri kwenye namba za simu za wagonjwa wote. Aliiandika mwenyewe, kuficha namba hizo kwenye nakala ya majaribio. Dirisha alilobonyeza halikuwa la nakala, bali la hifadhidata yenyewe.

Akaikata. Baada ya dakika ishirini foleni iliachia, akafungua taarifa za mgonjwa wa kwanza. Namba ya simu ilikuwepo.

"Umempata yule mpumbavu?" mfamasia akauliza.

"Nimempata. Na ningekusikiliza wewe, angemaliza."