Mkate Chini ya Kivuli
Patron, bosi wa duka letu la kuchapisha, hapa Kolwezi, aliutazama mkate niliouchora kuwa alama ya duka la mikate, akacheka: "Kazi ya batoto." Akaubandikia kivuli kizito, kingo za kuinuka na rangi ya shaba inayofifia, akamwambia mama mwenye duka la mikate kwamba ameuchora yeye mwenyewe. Sikusahau.

Miaka ikapita. Mama yule akarudi analalamika: ikidariziwa kwenye nguo za wafanyakazi, alama inatoka kama doa. Anataka kitu cha kisasa. Patron akaniachia kompyuta. Nikafungua faili ileile, nikazima kivuli, kingo, kisha ule mfifio, polepole, mama aone vizuri. Ukabaki mkate wangu, bapa, rangi moja.

"Njo hii ninayoitaka!" mama akasema. "Nani aliichora?"

Nikamgeukia patron. "Tata, mwambie mama."