Borafya na Wiki Nane za Dawa

Borafya alikuwa hamwamini mtu. Ukimwambia mvua inakuja, atatoka nje aangalie mbingu, kisha akuangalie wewe. Kwao kijijini Bwejuu walikuwa wakisema mtoto huyu alipozaliwa alimtazama mkunga kama anayemdai.

Basi mtu kama huyo ndiye aliyekwenda kusomea ukompaunda, kazi ya kuchanganya dawa hospitali ya mjini. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho walikuwa wawili: yeye na Gharib, kijana wa mtaa wa Ng'ambo mwenye maneno mengi. Mtihani wa mwisho wa elimu ya dawa ulikuwa na wiki nane mbele yake. Borafya alishaanguka mara moja, na ukianguka mara ya pili huruhusiwi kurudi. Akifaulu, atapelekwa Makunduchi kushika dawa za kijiji. Asipofaulu, atarudi Bwejuu kupima mbata, zile nazi kavu, kazi aliyokulia nayo tangu hajaota meno ya pili.

Mkubwa wao, Bwana Msabah, akawaita chumba cha dawa, akawatolea mpango.

"Asubuhi makundi ya dawa," akasema. "Kila wiki kundi. Za malaria, za usingizi, za moyo, za minyoo, sulfa na penisilini. Kila dawa mjue inafanya nini, kiasi chake, na dalili zake ikizidi. Baada ya Alasiri hesabu, kidogo kidogo, kila siku, maana hesabu ukiziacha zinakuacha. Ijumaa maswali ya mitihani iliyopita, lakini kuanzia wiki ya tatu, si leo. Swali la zamani ni la kujipima. Ukilisoma kabla hujajua kitu, utahifadhi jibu usilolielewa."

"Na wiki za mwisho?" akauliza Gharib.

"Mitihani mizima, kwa saa. Na kila Jumamosi mje mniambie kipi kinakushindeni, nipunguze huku niongeze kule. Mpango si msahafu."

Borafya akaondoka na moyo mzito. Kwa nini mtu anataka kujua kinachokushinda?

Jioni akamwambia shangazi yake, Bi Sichana, aliyekuwa akimlea Ng'ambo. Bi Sichana alikuwa anachambua mchele, akasimama na ungo.

"Usiseme, mwanangu! Ukisema unaweza, jicho la hasidi litakupiga. Mtu akikuuliza, mwambie, 'Hivyo hivyo.' Kile unachokijua sana ndicho ukilalamikie."

Na Borafya alikuwa anakijua kitu kimoja sana: hesabu. Mtu aliyepima mbata kwa mizani miaka yote ile, uzito haumbabaishi. Kulikuwa na mtego mmoja waliouangukia wengi. Aunsi moja ya chupa ina alama mia nne na themanini, lakini maji yake yana uzito wa gireni, zile punje za mizani, mia nne thelathini na saba na nusu tu. Anayepiga asilimia kwa alama za chupa anamzidishia mgonjwa dawa. Gharib alikuwa anazama hapo kila siku. Borafya aliuona mtego ule toka mbali kama jabali pwani maji yakitoka.

Makundi ya dawa ndiyo yaliyokuwa yanamtoka kichwani. Alikuwa anajua chupa ipo rafu gani, ina rangi gani, lakini ukimuuliza ni ya kundi gani, anakukodolea macho.

Jumamosi ya kwanza Bwana Msabah akauliza, "Ehe, Borafya. Kipi kizito?"

Borafya akageuka kidogo, akaona Gharib amesimama mlangoni. Akakumbuka jicho.

"Hesabu, Bwana. Hesabu zinaniua."

"Na makundi?"

"Hivyo hivyo."

"Wewe, Gharib?"

"Sijasoma kitu, wallahi. Lakini makundi ndiyo yananiudhi zaidi."

Uongo huo! Gharib alikuwa anazitaja dawa za usingizi kama anaita majirani zake.

Wiki ya pili Bwana Msabah akamwongezea Borafya hesabu: kuzimua dawa kali, asilimia, vipimo vya watoto. Makundi akampunguzia, apate nafasi. Gharib akapewa makundi tele. Borafya akaona. Akajua! Msabah na Gharib wote watu wa mjini, yeye wa shamba. Wanamshughulisha na mahesabu asipate kusoma dawa, aanguke, nafasi ya Makunduchi apewe mwengine.

"Unaona, shangazi?" akamwambia Bi Sichana. "Wananizika."

"Si nilikwambia? Zidi kulalamika."

Akazidi. Kila Jumamosi hesabu zilikuwa zinamuua, na kila wiki akaongezewa hesabu. Akawa anampeleleza Gharib. Akipita kwao anakuta kitabu kimefunikwa kwa kanga ya mamake.

"Unasoma nini?"

"Mimi? Nnapumzika tu. Wewe?"

"Na mimi nnapumzika."

Wakawa wanapumzika hivyo mpaka wiki ya tano ikaisha.

Wiki ya sita Bwana Msabah akawapa mtihani mzima wa zamani, na saa mezani. Hesabu Borafya alizimaliza kabla Gharib hajachonga kalamu. Halafu likaja swali hili: mgonjwa wa moyo anayekunywa dawa yake kila siku, sasa anatapika, mapigo ya moyo yameshuka chini ya sitini, na kila kitu anakiona manjano. Ana nini, na wewe utafanya nini?

Borafya akaukumbuka umanjano. Kulikuwa na dawa ya minyoo inayomfanya mtu aone manjano. Akaandika: ana minyoo, apewe mafuta ya mbarika.

Bwana Msabah akasahihisha mbele yao. Alipofika hapo akavua miwani.

"Borafya, huyu ushamuua."

"Naam?"

"Mgonjwa wa moyo anakunywa dijitalisi. Akitapika, mapigo yakashuka, akaona manjano, dawa imemzidi. Unaizuia hapo hapo, unamwita daktari. Wewe unampa mafuta ya mbarika tumbo limwendeshe!" Akageuza karatasi. "Na hesabu umepata zote. Zote! Si uliniambia zinakuua?"

Borafya akaitazama saa mezani.

"Na wewe Gharib, makundi umepata, hesabu umezidisha dawa kila pahala. Si ulisema makundi ndiyo yanakuudhi?"

Wakatazamana. Bwana Msabah akakaa kitini taratibu, kama mtu anayeogopa kitavunjika.

"Yaani mie wiki tano natibu pasipouma?"

"Jicho, Bwana," akasema Borafya, sauti chini.

"Jicho! Daktari akikuuliza wapi panakuuma, mguu unauma, wewe unamwonyesha sikio. Halafu unamlaumu yeye kwamba mguu haujapona!"

"Na mimi nilidhani mnanizika," Borafya akatoboa.

"Nani akuzike? Kaburi ulilichimba mwenyewe, mie nilikuwa nakupokelea udongo tu."

Gharib akacheka mpaka akashika meza. Borafya hakucheka. Alimtazama Bwana Msabah muda, akitafuta hila usoni pake. Hakuiona, na hilo likamtia wasiwasi zaidi.

Mpango ukapinduliwa. Asubuhi makundi kwa Borafya, mawili kwa siku, yale ya hatari mwanzo. Hesabu akaachiwa chache za kutunza mkono. Gharib akafanya kinyume chake. Alasiri wakakaa pamoja, kitabu wazi bila ya kanga: Gharib anamuuliza Borafya dawa, Borafya anamwonyesha Gharib mtego wa aunsi. Mara ya kwanza Borafya alisoma bismillahi na kumtazama Gharib mdomo, asije akamdanganya. Siku mbili za mwisho hawakufungua kitu kipya, walirudia makosa yao tu.

Mtihani ukafanywa, majina yakabandikwa. Wote wawili wamefaulu. Borafya akalisoma lake, akaondoka, akarudi akalisoma tena, kisha akaenda kwa Bwana Msabah.

"Bwana, kweli nimefaulu? Hamkunisaidia?"

"Toka hapa, nenda Makunduchi!"

Siku ya safari, jirani alimkuta Bi Sichana mlangoni, sanduku limefungwa, kapu la chakula limejaa.

"Bi Sichana, mwanao vipi mtihani?"

Bi Sichana akamtazama juu mpaka chini, akaisogeza kanga ikafunika sanduku.

"Hivyo hivyo," akasema.

Borafya ndani akafungua mdomo aseme amefaulu, akalikumbuka jicho, akaufunga.