Namba Ambayo Taipu Hakuipiga

Jina alilopewa na wazazi wake wengi walishalisahau. Aliitwa Taipu tangu ujana, alipokuwa akikaa kwenye baraza ya mahakama na mashine yake ya kupiga chapa, na alizeeka nalo jina hilo kama mtu anavyozeeka na kovu.

Siku hizo barazani walikuwa wawili. Mwenzake aliitwa Kengele, kwa sababu kengele ya mashine yake, ile inayolia mstari unapofika ukingoni, ilisikika mpaka ng'ambo ya barabara. Na Kengele mwenyewe alikuwa hivyohivyo. Akicheka, hakimu ndani hutuma karani kuuliza kuna nini. Meza zao ziligusana. Mteja akimkuta mmoja ana kazi, huhamia kwa wa pili bila kuinuka, anajisogeza tu kwenye benchi.

Watu waliwaletea mambo mazito. Mke anayedai talaka, ndugu wanaogombea kiwanja, kijana anayeomba kazi huku akificha kwamba alifungwa. Walisemewa sikioni, vidole vikaandika. Kengele alikuwa na desturi ambayo Taipu mwanzoni aliiona ya kichaa. Kila jioni aliikusanya karatasi ya kaboni iliyotumika, akaiinua kwenye mwanga, akaichanachana.

"Ya nini kujichosha, bwana? Hiyo inafaa tena," Taipu alimwambia.

"Hebu tazama hapa. Unasoma nini?"

Taipu akatazama. Herufi zilionekana, nyeupe juu ya weusi: jina la mwanamke, na jina la mtu aliyempiga.

"Yule mama amelia hapa mbele yetu," Kengele alisema. "Barua ni yake, kaondoka nayo. Hiki kilichobaki si chetu."

Baadaye zikaja kompyuta, baraza ikazungushiwa ukuta, benchi likaondolewa. Kengele alihamia kwa wakwe zake, mbali. Walipigiana simu kwa muda, halafu laini ya Kengele ikawa haipatikani. Taipu aliuliza kwa kila aliyemjua. Kuna aliyesema amekufa, kuna aliyesema amemwona sokoni. Mambo ya kusikia tu. Lakini kila anaposikia mtu akicheka kwa sauti njiani, shingo yake hugeuka yenyewe.

Vidole vyepesi haviachi kupata riziki. Taipu aliajiriwa kwenye ofisi moja ya ghorofani ambako watu huketi na hedifoni masikioni, wakisikiliza sauti zilizorekodiwa na kuziandika neno kwa neno. Maandishi hayo, pamoja na sauti zenyewe, yanatumika kuzifundisha kompyuta kusikia lugha. Chini ya meza kuna kanyagio, kama la cherehani: ukikanyaga sauti inakwenda, ukiachia inasimama. Taipu alilipenda kanyagio lile. Lilimfanya ajione fundi.

Masharti yalikuwa makali, na kila mmoja aliyatia sahihi. Simu zinaachwa kwenye makabati mlangoni. Kalamu na karatasi haziingii. Mzungumzaji akitaja jina, huandiki jina, unaweka alama ya jina. Akitaja namba ya simu, unaweka alama ya namba. Ukiitambua sauti ya mtu unayemjua, unasimamisha hapohapo na kuirudisha kazi, apewe mwingine. Na kazi ikishatumwa imekwisha: hubaki nayo, huisimulii, huitumii kwa shughuli yako.

Msimamizi wao, dada mmoja mpole mwenye umri wa kuwa binti yake, aliwakumbusha mara kwa mara: "Baba zangu na mama zangu, hata kichwani ni mfukoni. Ukitoka na neno kichwani, umelibeba."

Msimu huo zilikuja sauti za wazee wakisimulia kazi za zamani. Walirekodiwa makwao, kwa ridhaa yao, na waliambiwa wasitaje namba wala mahali wanapoishi. Lakini mzee akinogewa na hadithi, nani wa kumziba mdomo?

Siku moja asubuhi Taipu alikanyaga, na masikioni mwake kukapasuka kicheko.

Mguu ukabaki pale pale juu ya kanyagio. Vidole havikuandika kitu.

"Mimi nilikuwa mpiga chapa," sauti ilisema, "kwenye baraza ya mahakama. Tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa na haraka, yule! Anapiga kama anafukuzwa. Lakini roho, roho yake safi kama maji ya mtungi."

Hapo ndipo alipotakiwa kuachia. Alijua. Hakuachia. Alimsikia Kengele akimkumbuka hakimu mfupi aliyekalia mto, na mbuzi aliyekula hati ya kiwanja, na mvua ile iliyowakuta wakaifunika mashine kwa mashati yao wakabaki vifua wazi. Taipu alicheka peke yake mpaka machozi yakamtoka. Kisha sauti ikashuka.

"Sasa macho yamekwenda. Kwanza lilizima moja, halafu la pili. Nilipotea kwa watu kwa ajili hiyo. Sikutaka wanione nikishikwa mkono kama mtoto. Hata huyo mwenzangu hajui. Lakini kama wewe kijana unayenirekodi utamwona, mwambie namba yangu ni hii."

Na akaitaja, taratibu, tarakimu baada ya tarakimu, kama alivyokuwa akimsomea mteja anwani.

Mama aliyekaa kiti cha pili, ambaye kwa maneno yake mengi walimwita Shangazi Redio, alimwona akijipangusa uso.

"We Taipu, umefiwa humo ndani?"

"Namjua huyu. Ni mtu niliyemtafuta miaka. Katoa namba yake."

Shangazi Redio aliteremsha hedifoni mpaka shingoni. "Basi si umempata! Toka nje, chukua simu, piga. Nani atakujua?"

"Namba ni ya kwenye kazi."

"Namba ni ya rafiki yako, baba wewe! Kwani umeiiba? Kaitoa mwenyewe kwa mdomo wake."

"Kaitoa kwa aliyemrekodi. Yeye ndiye aliyeombwa anifikishie, si hedifoni hii."

"Si kasema upewe?"

Taipu akaigeukia kompyuta yake. Hata kwa kusema hayo machache alikuwa ameshavuka mpaka. Aliweka alama ya jina palipo na jina, alama ya namba palipo na namba, kisha akashindwa kuituma. Kazi iliruhusiwa kukaa wazi mpaka kesho yake. Akaiacha wazi.

Kuifuta namba kwenye mashine ni kazi ya kidole kimoja. Kichwani je? Mpiga chapa hasahau tarakimu. Jioni hiyo, chakula kikiwa mezani, alitoa simu akaibofya namba yote, kisha akaifuta. Akaibofya tena.

"Unampigia nani?" mkewe aliuliza.

"Simpigii mtu."

"Kidole chako kinasema mengine, mume wangu."

"Ni mambo ya kazini, mama watoto."

"Basi yaache kazini, ule."

Akala, lakini alikuwa akiwaza. Akipiga, Kengele atafurahi, pengine atalia. Halafu je? Siku watakapojua ofisini, atafukuzwa, na itakuwa haki yao. Lakini hilo halikuwa ndilo lililomkaba. Lililomkaba ni lile la macho. Kengele alimsimulia mgeni asiyemjua jambo alilolificha kwa marafiki, na akaambiwa jina lake halitaandikwa. Nani amempa yeye, Taipu, ruhusa ya kuingia mlango huo kwa sababu tu alikuwa amekaa dirishani? Aliiweka simu juu ya kabati, mbali na mkono.

Asubuhi alimfuata msimamizi kabla hajaketi.

"Mwanangu, jana nilipata sauti ya mtu ninayemjua. Nilitakiwa kuirudisha, sikuirudisha. Niliisikiliza mpaka mwisho. Na nilimgusia jirani yangu."

Dada yule alivua miwani. "Umeandika popote? Umempigia?"

"Sikuandika. Sikupiga. Lakini namba ninayo kichwani, na siwezi kuitoa."

"Baba, kwa nini hukusimamisha?"

"Nilikuwa na hamu ya kumsikia."

Msimamizi alivaa tena miwani. Aliirudisha ile kazi apewe mwingine, akaandika taarifa, na akamwambia kwamba atapata onyo. Hilo hakuweza kulizuia. Shangazi Redio naye aliitwa akakumbushwa alichotia sahihi. Kisha dada akasema, "Namba siwezi kukupa ruhusa uitumie. Si yangu. Lakini waliomrekodi wanayo, na aliwaruhusu wamrudie wakiwa na jambo. Wewe una namba yako, na hiyo ni mali yako kumpa umtakaye. Nitawaomba wamwambie kuna mwenzake wa zamani anamtafuta. Akitaka atapiga. Asipotaka, baba yangu, ndiyo basi. Hutamtafuta kwa njia nyingine."

"Ndiyo basi," Taipu alikubali.

"Na akipiga, uliyoyasikia humu hayatoki. Hata kwake."

Wiki ikapita, na nyingine. Taipu aliandika sauti za watu wengine: fundi saa, mkunga, dereva wa treni. Simu yake ikiita nyumbani, mkewe alikuwa akimtania, "Haya, bwana harusi, posa imejibiwa." Ilikuwa ni mtoto wao, au mtu aliyekosea namba. Akaanza kujizoesha kwamba Kengele amesikia na amekataa. Milima haikutani, binadamu hukutana. Lakini binadamu naye ana haki ya kukaa kama mlima.

Ilipoita Jumapili moja mchana, alikuwa akitengeneza mguu wa kiti. Alipokea akiwa na nyundo mkononi.

"Wewe bado unapiga kama unafukuzwa?" sauti ilisema, na kikafuata kicheko kile.

Taipu aliketi chini sakafuni. Kwa muda hawakusema la maana, waliitana tu. Mwizi wee! Mchawi wee! Upo? Nipo! Kisha Kengele akaanza: hakimu mfupi, mbuzi, mvua. Taipu aliyasikiliza yote kama anayasikia kwa mara ya kwanza, akacheka palepale pa kuchekea.

"Wameniambia upo kwenye ofisi inayoandika zile sauti," Kengele alisema. "Ulinisikia?"

"Ya kule siyazungumzi, ndugu yangu. Hata na wewe."

Taipu alisikia kuku wakilia upande wa pili.

"Vizuri," Kengele alisema mwishowe, polepole. Halafu akaharakisha, "Mimi mzima kabisa. Macho mazuri tu. Gazeti nalimaliza lote."

"Hongera. Mimi nishaanza kuvaa miwani."

"Uzee huo."

"Uzee."

"Njoo basi unitembelee. Mimi siku hizi sitoki sana, nimekuwa mvivu." Akamwelekeza mwenyewe: basi la kupanda, duka la mbao, lango la kijani. "Utanikuta nimekaa nje. Lakini Taipu..."

"Naam."

"Ukifika, usinijie kimyakimya. Niite."

Taipu aliiweka nyundo chini ili isigonge.

"Nitakuita tangu dukani," alisema.