Kadi ya Nelly, Siku ya Sita

Kila asubuhi, kabla hata hajakung'uta vumbi la barabarani kwenye kitenge chake, Ritha hufungua ubao wa kazi kwenye kompyuta na kwenda moja kwa moja safu ya tatu. Ubao una safu nne, na kila kazi ni kadi moja inayohamishwa safu hadi safu: kazi zinazosubiri kuanzwa, zinazofanywa, zilizo kwenye mapitio, na zilizokamilika. Safu ya pili haimsumbui, kwa sababu mtu akiwa anafanya kazi unamwona. Ni hiyo ya mapitio inayomkosesha raha. Humo kazi imetoka mikononi mwa aliyeifanya, na huyo wa kuipitia hajaipokea bado, au ameipokea na ana mengine. Siku zinapita.

Ana miaka arobaini na minne, mzaliwa wa Ushirombo. Kabla ya kuja Shinyanga alifanya kazi miaka tisa kwenye masjala ya ofisi moja ya wilaya, akipeleka majalada kutoka meza hadi meza. Alijua jalada likikaa wiki moja mezani linaanza kuwekewa kikombe cha chai juu yake. Hakuna aliyelichukia jalada hilo. Jambo hilo lilimhuzunisha kuliko kama wangelichukia.

Sasa yuko Kambarage, mjini humo, vyumba viwili juu ya duka la pembejeo, pamoja na vijana wanaotengeneza mfumo wa zahanati. Muuguzi akimsajili mama na mtoto, mfumo unamtumia mama ujumbe siku ya chanjo inapokaribia. Sehemu yoyote ya programu lazima isomwe na mtu wa pili kabla haijapelekwa kwenye zahanati. Ritha haandiki programu. Kazi yake ni kuona mambo yanasogea. Kadi ikifikisha siku mbili kwenye mapitio, humwandikia mhusika faraghani, kamwe si kwenye kundi: anamsalimu, anataja kadi na idadi ya siku, anauliza kama kuna kinachokwamisha. Cornel, wa meza ya dirishani, amembatiza Mama Kumbusho.

Jumatano ile kadi ya Nelly ilikuwa na siku ya sita.

Nelly alikuwa binti wa miaka ishirini na mitatu kutoka kijiji kimoja cha Bukombe, yuko kwenye majaribio ya miezi mitatu. Majaribio yaliisha Ijumaa. Pantaleo, mkuu wa ofisi, alikuwa amemwambia tangu mwanzo kwamba anataka kuona kazi tatu zilizokamilika, na Nelly alikuwa nazo mbili. Ya tatu ndiyo hii, ya kupanga namba za simu za akina mama. Aliyepaswa kuipitia ni Athanas, mkongwe wao wanayemwita Baba Kamili, anayefanyia kazi nyumbani kwake Chato na kuja ofisini mara moja kila wiki mbili.

Ritha alishamkumbusha mara mbili. Jumatatu aliandika, "Shikamoo Baba Kamili. Habari za Chato? Mama hajambo, watoto je? Poleni na mvua," na kadhalika, kadi akaitaja mwishoni kabisa. Athanas alijibu, "Marahaba. Huku salama, mvua tu." Kuhusu kadi, hakuna. Jumanne akafupisha salamu na kuanza na kadi. Jibu likaja neno moja: "Nasubiri."

Neno hilo lilimkaa vibaya. Alilala nalo.

"Mama Kumbusho," Cornel alisema Jumatano, "huyo mzee mpelekee barua kwa basi la Geita. Labda akiona muhuri ataamka."

"Wewe nyamaza, kadi yako ina siku moja na saa nne."

"Unahesabu na saa?"

Ritha akatoka kwenye varanda, akapiga simu.

"Shikamoo Baba Kamili. Samahani, nakusumbua mara ya tatu kuhusu kadi ya Nelly."

"Marahaba. Ritha, mimi ndiye nilitakiwa nikusumbue wewe. Niliuliza swali humo tangu Jumamosi, mpaka leo sijajibiwa. Hiyo kadi umeifungua?"

Ritha hakuwa ameifungua. Alikuwa ameisoma kwa nje, kama alivyosoma majalada kwa miaka tisa: jina, safu, idadi ya siku.

"Sijaifungua," alisema. "Nisamehe. Nimekukumbusha wewe, kumbe wa kukumbushwa ni mwingine."

"Sijakasirika. Ila huyo binti mwambie ajibu. Siwezi kupitisha kitu nisichokielewa."

Akarudi mezani, akaifungua kadi, akashuka hadi chini. Swali lilikuwa pale: *Namba za simu zinazojirudia, kwa nini hukuzifuta ukabaki na moja?* Akamwita Nelly chumba cha pili.

"Swali la Baba Kamili uliliona?"

"Niliona, dada. Siku ileile."

"Na jibu?"

Nelly akatazama mikono yake. "Nilikuwa nasubiri aje ofisini Jumatatu ijayo nimweleze kwa heshima. Pale kwenye kadi kila mtu anasoma. Nitaandikaje mbele ya watu kwamba mtu mzima kama yeye amekosea?"

"Kwani amekosea?"

"Kwetu kaya nzima tulikuwa na simu moja, ya baba mdogo. Mama zangu wote watatu walijisajili kliniki kwa namba hiyohiyo. Ukizifuta ukabakiza moja, watoto wawili hawatapata ujumbe."

Sababu hiyo yote ilikuwa ndani ya kichwa cha huyu binti siku nne, huku majaribio yakimwishia, na Ritha mwenyewe alikuwa akiuliza habari za mvua Chato.

"Andika hivyohivyo ulivyoniambia," alisema. "Anza na shikamoo ukitaka. Hujamwambia amekosea. Amekuuliza unachokijua."

"Asipopendezwa?"

"Jumatatu majaribio yako yatakuwa yameshaisha, mdogo wangu."

Nelly aliandika, akafuta, akaandika tena. Jibu la Athanas lilikuja kabla ya chakula cha mchana: *Marahaba. Hili sikulijua, kwangu kila mtu ana simu yake. Basi ujumbe utaje jina la mtoto, la sivyo huyo baba mdogo atajuaje ni wa nani? Weka hilo, na jaribio la kuonyesha kwamba linafanya kazi, nipitishe.*

Nelly alikuwa hajalifikiria hilo. Alilifanya alasiri yote, na Alhamisi saa nne kadi ikahamia safu ya mwisho.

Ijumaa Pantaleo aliwakusanya, ubao ukiwa ukutani.

"Kazi tatu ziko," alisema. "Lakini hii ya tatu imekaa siku saba kwenye mapitio. Swali la Jumamosi limejibiwa Jumatano. Nikikuajiri, Nelly, ndiyo mwendo wako?"

Cornel akatazama dirishani.

"Kukaa kimya ni kosa lake," Ritha alisema. "Lakini Jumatatu na Jumanne ni zangu. Niliona kadi imekaa, nikamkumbusha mtu asiye na deni nayo, kwa sababu sikuifungua nisome. Ningesoma, angejibu Jumatatu."

Pantaleo alimtazama kidogo. Haikuwa kawaida ya ofisi ile mtu kujilaumu hivyo mbele ya wadogo zake.

"Na wewe?" akamgeukia Nelly.

"Nitajibu siku ileile, bosi. Hata kama ni mkubwa."

"Hasa kama ni mkubwa," alisema Pantaleo, akavuta karatasi za mkataba kutoka chini ya daftari. Zilikuwa zimeshachapwa. Sahihi yake tu ndiyo ilikuwa haipo, akaiweka pale mbele yao, kisha akampa Nelly kalamu.