Pumzi za Bwana Rula

Shule nzima ilimwita Mama Usafi, na mwenyewe aliitika bila kinyongo. Alikuwa mwalimu wa sayansi, mama mwenye kicheko cha kusikika hadi langoni, na hakuna kikombe kilichopita mbele yake bila kunuswa. Watani wake walisema hata chaki anaisuuza. Kila asubuhi alisimama mbele ya mlango wa chumba chake cha sayansi, mkono juu ya kitasa, akamshukuru Mungu kwa kumjalia pumzi ya siku nyingine. Kisha akaingia na kitambaa cha kufutia vumbi.

Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, lakini kilikuwa na dirisha pana linalopokea jua la asubuhi. Chini ya dirisha palikuwa na meza yenye makovu ya moto, na kwenye rafu alipanga chupa tupu zilizong'aa kama za dukani. Mama Usafi alikipenda chumba kile kama mtu anavyopenda jiko lake.

Sasa kilikuwa kinataka kumponyoka. Mwalimu wa hesabu, ambaye watoto walimwita Bwana Rula kwa sababu hakutembea bila rula mfukoni, alikuwa amekitolea macho. Viti vilivyovunjika vilikuwa vimejaa kwenye korido, akataka viingizwe humo.

"Dada yangu, sayansi inaweza kuchorwa ubaoni," alimwambia mbele ya Mwalimu Mkuu. "Kiti hakiwezi kuchorwa kikakaliwa."

"Na wewe kaka yangu huwezi kuchorwa ukanyamaza!" alijibu Mama Usafi, na ofisi nzima ikacheka.

Mwalimu Mkuu, mama mpole lakini mwenye msimamo, alicheka pia, kisha akakata shauri. Kesho yake angekuja kutazama kipindi. Kama angeonyeshwa jambo ambalo ubao hauwezi kulionyesha, chumba kingebaki. La sivyo, viti viingie.

Mama Usafi hakuwa na wasiwasi. Kila mwaka alifundisha jinsi jani linavyojitengenezea chakula, na kila mwaka alichukua majani ya majini kutoka kwenye mtaro nyuma ya shule, akayatia kwenye chupa ya maji ya mtaro huohuo na kuiweka juani. Vipovu vidogo vilitoka kwenye ncha za mashina yaliyokatwa, vikapanda kimoja baada ya kingine kama shanga, na watoto wakapiga kelele za furaha. Hata mtoto mzito wa kuelewa alielewa.

Mwaka huu, hata hivyo, watoto kadhaa walikuwa wameumwa matumbo. Mama Usafi, kwa vile ndivyo alivyo, hakuona sababu ya maji machafu kuingia chumbani mwake hata kwa ajili ya majani. Jioni ile alichemsha birika kubwa hadi likapiga mluzi, akajaza chupa mpaka mdomoni, akazifunika, akaziacha zipoe. Asubuhi aliyaosha majani yake, akayatumbukiza, akajisifu kimoyomoyo.

Mwalimu Mkuu na Bwana Rula wakaingia. Watoto walibanana mezani. Jua lilikuwa kali dirishani.

"Tazameni kwenye shina," alisema Mama Usafi. "Ndani ya jani kuna rangi ya kijani inayoitwa klorofili. Kazi yake ni kunasa mwanga wa jua. Jani linachukua maji na hewa ya ukaa, ile tunayoitoa sisi puani, na kwa nguvu ya ule mwanga linatengeneza sukari. Hicho ndicho chakula chake. Katika kazi hiyo maji yanapasuliwa, na oksijeni inatoka. Hiyo ndiyo mtakayoiona sasa hivi."

Wakatazama. Jani lilikaa tu kama picha.

"Mwalimu, limelala," alisema msichana mmoja mwenye mdomo mwepesi, na darasa likacheka.

Mama Usafi akasogeza chupa juani zaidi. Akakata shina upya. Hakuna kitu. Jasho likaanza kumtoka kwenye mdomo wa juu, na moyoni akasema, Ee Mungu wangu, usiniache mbele ya mtu huyu mwenye rula.

Bwana Rula, ambaye kwa kweli alikuwa ameanza kumwonea huruma, alitafuta la kufanya na mikono yake. Akajimiminia maji kwenye birika la jana lililokuwa rafuni, akapiga funda, akakunja uso.

"Dada, haya maji yako vipi? Yamepooza, hayana ladha! Kama yametolewa roho."

"Ni ya kuchemsha, yana usafi wote un..." Mama Usafi akanyamaza katikati ya neno. Akaitazama chupa. Akalitazama birika. Kisha akajipiga paji la uso kofi lililosikika.

"Nimelinyima chakula! Jamani, nimelinyima chakula mwenyewe!"

"Nani?" aliuliza Mwalimu Mkuu.

"Jani! Maji yakichemka, hewa iliyoyeyuka ndani yake inatoka yote, na hewa ya ukaa inatoka nayo. Jua lipo, maji yapo, kijani kipo, lakini jani halina cha kutengenezea sukari. Ni kama kumwambia mpishi apike, umempa moto na sufuria, unga umeuficha." Akachukua mrija wa kunywea, akamkabidhi Bwana Rula. "Kaka, wewe si una pumzi nyingi za kusemea watu? Hebu zilete zifanye kazi."

"Nipulize humu?"

"Pole pole, usinimwagie meza. Pumzi yako imejaa hewa ya ukaa."

Akapuliza, mashavu yamevimba kama maputo, watoto wakiangua kicheko. Alipochoka, Mwalimu Mkuu akashika mrija, naye akapuliza. Mama Usafi akawaonya kwamba povu la pumzi silo wanalolisubiri, akaacha maji yatulie. Wakaiinamia chupa wote, jua likifanya kazi yake.

"Mwalimu! Kile!"

Kipovu kidogo kama kichwa cha sindano kilikuwa kimening'inia kwenye ncha ya shina. Kikaachia, kikapanda. Kikafuata cha pili, kisha vikaja kwa mfululizo.

"Pumzi yangu hiyo!" alipiga kelele Bwana Rula, amesahau viti vyote duniani.

"Umetoa hewa ya ukaa, jani limekurudishia oksijeni," alisema Mama Usafi. "Na miti yote ya nje inafanya hivyohivyo mchana kutwa."

"Kwani yenyewe haipumui?" aliuliza yule msichana.

"Inapumua, usiku na mchana, kama wewe. Lakini jua likiwaka inatengeneza oksijeni nyingi kuliko inayotumia. Ile inayobaki ndiyo tunayovuta."

Mwalimu Mkuu alikuwa mgumu kuridhika. "Nitajuaje kwamba ni oksijeni kweli?"

Basi Mama Usafi akayahamishia majani kwenye beseni la maji, akayafunika kwa faneli, ile ya kumiminia mafuta, iliyogeuzwa, akaweka juu yake kichupa kilichojaa maji, mdomo chini, akaviacha juani. Kichupa kilipojaa gesi ya kutosha, baada ya siku kadhaa za jua, aliwaita tena. Akawasha njiti, akaizima ikabaki kaa jekundu, akaiingiza kwenye kichupa. Kaa likawaka moto tena, kwani oksijeni huchochea moto, na watoto wakarukaruka.

"Hii ubao hauwezi," alisema Mwalimu Mkuu. "Chumba ni chako."

Jioni, walimu wenzake walimkuta Bwana Rula koridoni na nyundo, misumari mdomoni, anatengeneza viti kimoja kimoja. Mama Usafi akampelekea kikombe cha maji.

"Ya kuchemsha?" akauliza, akikitazama kwa mashaka.

"Ya kuchemsha. Wewe si jani, kunywa."