Barua Iliyosomwa Uwanja wa Ngoma

Nilipomaliza sekondari, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupiga chapa katika ofisi ya ushirika wa pamba, Shinyanga mjini. Sikukaa sana. Miguu yangu haijawahi kupenda sehemu moja. Lakini nimepiga chapa barua nyingi maishani, na ninayoikumbuka ni moja.

Msimu ule pamba iliyopimwa kwenye kituo kimoja cha ununuzi ilikuwa ikifika kwenye kinu cha kuchambulia na uzito pungufu, kila safari. Meneja wetu, mtu mkali asiyependa maneno mengi, alimsimamisha kazi mpimaji wa kituo kwa tuhuma za wizi. Barua nilipiga mimi. Ilisomwa kituoni, mbele ya wakulima waliopanga foleni na mafurushi yao.

Ulikuwa wakati wa ngoma za baada ya mavuno, makundi mawili ya Wasukuma yanaposhindana kwa nyimbo za kuchekana. Mpimaji alicheza upande wa Bagika, na wapinzani wao Bagalu walikuwa wanatafuta la kuwachekea. Wakalipata. Kabla wiki haijaisha, wimbo wa mpimaji mwizi uliimbwa mpaka visimani. Mke wake akaacha kwenda kuchota maji mchana.

Mpimaji hakukimbia kijiji. Aliandika kuomba mizani zote mbili zikaguliwe, ya kituo na ya kinu. Meneja, na hili namsifu, alimwita mkaguzi wa vipimo. Mkaguzi akaja na mawe yake ya kupimia. Ya kituo ilikuwa sawa. Ya kinu, shimo chini ya jukwaa lake la kuwekea mzigo lilikuwa limejaa nyuzi za pamba na udongo, vimeshindiliwa mpaka jukwaa likawa linakalia takataka. Sehemu ya mzigo ilikuwa haifiki kwenye mizani kabisa.

Meneja akanipa maneno ya barua: hapakupatikana ushahidi wa kutosha, arudi kazini. Juu niliandika SIRI.

Mpimaji alifika ofisini amevaa shati lililopigwa pasi. Alisoma akiwa amesimama, akairudisha mezani taratibu.

“Bwana Meneja, ushahidi wa kutosha? Kwa hiyo nimeiba kidogo?”

“Umerudishwa kazini, ndugu. Na nusu ya mshahara tuliyokuwa tunaizuia utalipwa. Unataka nini tena?”

“Kunisimamisha mlinisimamisha mbele ya watu. Kunisafisha mnanisafisha kwenye bahasha. Bagalu watasoma bahasha hii?”

“Mimi sishughuliki na ngoma.”

“Wewe ndiye uliyewapa wimbo, mzee.”

Nikainamia mashine yangu. Nilidhani atafukuzwa. Meneja alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu, kisha akaniambia, “Weka karatasi nyingine.”

Safari hii alisema polepole. Kwamba mpimaji hakuiba chochote. Kwamba upungufu ulitokana na kasoro ya mizani ya kinu, iliyojaa pamba na udongo chini yake, na iliyo chini ya usimamizi wa meneja mwenyewe. Kwamba barua ya kwanza imefutwa na itaondolewa katika jalada lake. Kwamba ushirika unamwomba radhi yeye na familia yake. Nakala ziende kwa kila aliyepata nakala ya tuhuma.

“Na neno la siri?” nikauliza.

“Litoe.”

Jumamosi tulikwenda na Landrova ya ofisi. Meneja aliisoma kituoni kwanza, kisha, bila kuombwa mara ya pili, akaenda uwanja wa ngoma. Bagalu walikuwa wanajipaka majivu. Akasalimia kwa Kisukuma, “Mwadila!” kwa lafudhi ya pwani, wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Akasubiri wamalize. Akasoma kwa Kiswahili, na mpimaji alipoombwa aitafsiri kwa Kisukuma, akakataa.

“Atafsiri mwingine,” alisema. “Mimi nasikiliza.”

Akatafsiri mtunzi wa Bagalu, yule yule wa wimbo. Alitafsiri yote, hata mahali pa kuomba radhi, na sauti yake haikutetereka. Mwishoni akamgeukia mpimaji.

“Umetuharibia wimbo mzuri, wewe.”

“Tungeni mwingine.”

“Tutatunga. Yupo mtu hapa ana mizani inayokula pamba.”

Uwanja mzima ukamgeukia meneja. Alikunja barua, akampa mpimaji kwa mikono miwili, akarudi garini. Kabla ya kufika mjini nilimwona anatabasamu dirishani.

Tangu hapo nimehama mara nyingi. Juzijuzi nilikuwa Rwamgasa, kwa wachimbaji. Kijana mmoja alikuwa akitwanga mawe ya dhahabu huku akiimba kwa Kisukuma juu ya meneja mwenye mizani inayokula pamba kama ng’ombe. Nilimuuliza kama kuna mwizi ndani ya wimbo huo.

“Mwizi?” akashangaa. “Hapana, mzee. Huu ni wa mizani tu.”

Nikamwomba aurudie toka mwanzo.