Maneno ya Chini ya Picha ya Makubazi

Majina ya watu nayashika. Mwanangu alipokuwa na kibanda cha makubazi Korogwe ya zamani, upande wa mtoni, mteja akikaa mwaka mzima bila kuonekana, siku akitokea mimi ndiye nilikuwa namwambia mwanangu huyu ni nani na mama yake ni nani. Humu sitataja hata mmoja. Wengine wamekufa, na walio hai sikuwaomba ruhusa.

Mwanangu naye amekufa. Tulimzika Handeni kwetu, na mkewe akakaa eda nyumbani kwangu. Alikuja na binti yake, mjukuu wangu, na vyombo vya kazi vya marehemu ndani ya kiroba: kisu, nyundo, msharasi wa kutobolea ngozi. Kulikuwa pia na fungu la ngozi ambazo marehemu alikwisha kuzikata kabla hajaugua, nyayo na mikanda, bado hazijashonwa.

Matanga yalipokwisha, mwanangu mdogo aliniita pembeni. Hakuenda pembeni sana.

"Mama, vile vyombo nimpe fundi wa pale stendi, anavitaka. Fundi akishakufa, kazi nayo imekufa. Shemeji atafanya nini na msharasi?"

Mkwe wangu alikuwa nyuma ya pazia, akasikia yote. Nikamwambia mwanangu, "Mwenzako yuko eda. Eda ikiisha ndiyo uje useme hayo."

"Haya. Nitakuja eda ikiisha."

Kesho yake mkwe wangu akafungua kiroba, akaketi mkekani, akaanza kuunganisha zile ngozi. Nikaelewa anachotaka. Siku shemeji yake atakaporudi, akute kazi iko hai.

Kwenda gulioni hawezi, yuko eda. Ikabaki simu. Mjukuu wangu ndiye aliyekuwa akiuza makubazi ya baba yake mtandaoni, anapiga picha, chini yake anaandika maneno. Alinieleza kwamba simu inaonyesha mstari wa kwanza tu, mengine yamejificha mpaka mtu abonyeze. "Kwa hiyo mstari wa kwanza usipomshika, bibi, huyo kapita." Na kila alichoandika miaka yote alikuwa anakifunga vilevile: *Yameshonwa kwa mkono wa baba.*

Sasa aandike nini?

Kwanza alitaka picha ya mikono ya mama yake ikiwa kazini. Watu wanapenda kuona mikono, alisema. Mama yake akakataa.

"Niko eda, mwanangu. Mikono yangu iende kwa watu nisiowajua?"

Nikasema hapo mama yako yuko sawa, piga makubazi peke yake. Akayapanga mlangoni, penye mwanga wa asubuhi, akapiga. Picha ikawa nzuri lakini haisemi kitu. Kazi yote ikabaki kwa maneno.

Mara ya kwanza akaandika kwa herufi kubwa: ZIMEBAKI PEA CHACHE, WAHI YAKO! Akaweka na vile vipicha vya moto. Nikamwambia, "Nisomee." Akasoma.

"Mke mwenzangu, hapa kuna msiba au kuna mnada?"

Akacheka kidogo, halafu akasikia mama yake anapenga kamasi chumbani. Akafuta.

Mara ya pili akaandika: *Fundi wetu, baba yetu, ametangulia mbele ya haki. Haya ndiyo makubazi aliyotuachia.* Simu ililia kutwa. Poleni sana. Inna lillahi. Viganja vya dua, vingi. Kila jina alilolisoma nilimjua mwenyewe, huyu mguu wake mpana, yule alikuwa hapendi gidamu imbane kidoleni. Walitupa pole kwa moyo, wala siwalaumu. Lakini hakuna aliyeuliza saizi. Mmoja aliandika, "Nilitaka kuagiza ya mume wangu, basi tena."

Mjukuu wangu akaweka simu chini. "Bibi, duka nimelifunga mwenyewe."

Jioni ile mama mmoja wa Mashewa, mteja wetu wa zamani, akatuma ujumbe wa sauti. Mjukuu akaufungulia mbele yetu.

"Poleni jamani. Lakini naomba kuuliza. Naangalia huo mshono pale ukingoni, ni uleule wa makubazi yangu. Kama fundi amefariki, haya kashona nani?"

Mkwe wangu hakuinua macho. "Mwambie siku zote nilikuwa nashona mimi."

Mimi nilikuwa nakaa mbele pale kibandani, napokea wageni. Yeye alikuwa nyuma, uani. Nilimwona na sindano mara nyingi, nikajua anamsaidia mumewe tu.

"Mama! Miaka yote naandika mkono wa baba!"

"Baba yako alikuwa anafurahi ukimsomea."

"Na wewe?"

"Na mimi nilikuwa nafurahi akifurahi. Yeye anakata, mimi nashona. Ngozi ikikatwa vibaya hata nishoneje haikai mguuni. Kwa hiyo hukusema uongo sana."

Mjukuu akachukua simu tena. Akasema ataandika *yameshonwa na mjane*, neno hilo litawagusa watu.

"Usiniuze mimi," mama yake akasema. "Uza viatu."

Basi tukaandika sisi watatu, yeye anabonyeza. Mstari wa kwanza: *Baba alikata ngozi hii. Mama ameishona, kama alivyoshona yote mliyowahi kununua kwetu.* Chini yake, ngozi ya ng'ombe, soli ya tairi, gidamu imepitishwa ndani ya wayo na kushonewa huko isichomoke. Akaongeza *hayachakai kamwe*. Mama yake akasema futa, kila kinachovaliwa kinachakaa, andika soli ikiisha tunabadilisha. Mimi nikasema waambie ukweli kwamba siku za mwanzo yanabana, baadaye ngozi inaufuata mguu. Bei akaiandika wazi, maana watu wanachukia kuambiwa njoo nikutajie faragha. Mwisho akaeleza namna ya kupima: kanyaga karatasi, chora unyayo, pima toka kisigino hadi kidole kirefu, tutumie sentimita. Mzigo unakuja kwa basi.

Wa kwanza kutuma unyayo alikuwa yule mama wa Mashewa. Wakafuata wengine, mmoja mmoja, wakiuliza mambo ya viatu. Bodaboda akawa anakuja kuchukua mizigo kuipeleka stendi. Fungu la marehemu likapungua mpaka likaisha, na maagizo bado yapo.

Ngozi nzima tukaagiza Korogwe. Ilikaa mkekani siku kadhaa, mkwe wangu anaizunguka. Kushona alikujua, kisu cha mumewe hakuwahi kukishika.

Alikuwa nacho mkononi siku mwanangu mdogo alipofika, eda imekwisha. Alisimama mlangoni, hakuvua viatu.

"Nimesoma mlivyoandika, shemeji. Marehemu mbona hakuniambia?"

"Hukumuuliza."

Akakohoa. "Yule fundi wa stendi nimemwambia asubiri kwanza."

"Mwambie asisubiri."

Akatazama kile kisu, akanitazama na mimi. Sikumsaidia. Akaaga. Mkwe wangu akainama, akafuata mstari wa chaki, polepole, mpaka wayo ukatoka. Ukingo ulikuwa na pengo dogo. Akausugua kwa kidole, akakata wa pili, huo ukatoka safi.

Makubazi hayo yalipokamilika mjukuu wangu akayapiga picha, akafungua maneno yale yale ayatumie tena. *Baba alikata ngozi hii.* Akasimama hapo.

"Mama, sasa hapa?"

"Andika kilichofanyika."

Alifuta kwa kidole gumba, herufi moja moja, akianzia mwisho wa sentensi. Alipofika kwenye neno baba alikaa nalo muda mrefu. Hatukumharakisha.